Uzi wa nne wa ukulele: mpiga gitaa wetu anasema umefungwa kimakosa. Ni kweli?

Mwanakwaya wa Moro

Wakuu, habari za jioni. Nina ukulele ndogo, ile saizi ya soprano, ya kuimbishia watoto wa shule ya Jumapili. Nilipoinunua ilikuwa na nyuzi nne za nailoni, na ule wa juu kabisa, ulio karibu na uso ukiwa umeishika, ni mwembamba, unakaribiana na wa chini kabisa.

Mpiga solo wa kwaya yetu alipouona akasema kiwandani wamekosea, kwamba uzi wa juu siku zote ndio mnene na ndio besi. Akaulegeza mpaka ukafika G ya chini. Tyuna ya kubana kichwani ikaandika G na taa ya kijani ikawaka, akaridhika. Tangu hapo uzi huo unayumba na kugonga freti, na ukiudonoa kwa nguvu sauti inaanza juu kidogo halafu inateremka. Kodi ya C imekuwa na tope. Mwanzoni ilikuwa inang'aa, watoto walikuwa wanaifuata vizuri.

Ninunue uzi mnene, au niurudishe ulivyokuwa? Na kama mwanzoni ulikuwa sahihi, naomba hoja. Huyu ni kaka yangu mkubwa kwenye kwaya, siwezi kumwambia tu "umekosea".

Kaka Kapo

Mimi namtetea. Chukua gitaa, bana kapo freti ya 5, piga nyuzi nne nyembamba peke yake. Utapata G, C, E, A, yaani ukulele yenyewe. Hata vidole ni vilevile: kodi ya G ya gitaa, ile ambayo uzi mwembamba unabanwa freti ya 3, ukiacha nyuzi mbili nene ndiyo C ya ukulele. Na kwenye gitaa hiyo G iko chini ya C. Kwa hiyo nunua uzi mnene, mambo yaishe. Huo mng'ao unaousifu unatokana na nailoni na kasha dogo, mpangilio wa nyuzi hauhusiki.

Binti Kilindini

Pole, hata yangu ilikuwa inalegea hivyohivyo. Huku pwani ukikaza asubuhi, jioni imeshuka. Nyuzi mpya za nailoni zinavutika, dawa ni kuuvuta kila uzi taratibu kwa vidole, unakaza tena, unavuta tena, mpaka uchoke kushuka. Usihangaike na kubadilisha.

Fundi wa Nyuzi

Binti Kilindini, ushauri wako ni mzuri ila ni wa ugonjwa mwingine. Uzi mpya unaovutika unashuka kwa masaa, na nyuzi zote zinashuka. Huu wa Mwanakwaya unashuka ndani ya sauti moja, ukidonolewa tu, na ni huo mmoja. Hiyo ni dalili ya uzi uliolegezwa kupita kiasi: ukiudonoa unavutika kwa muda, noti inapanda, kisha inarudi.

Mwanakwaya, kiwandani hawakukosea. Upangaji wa kawaida wa soprano, kuanzia uzi wa nne ulio karibu na uso, ni G, C, E, A. Kwa lugha ya kwaya imba so, do, mi, la, lakini hiyo so ni ya juu ya mi, siyo ya chini ya do. Uzi wa nne unatetema mara 392 kwa sekunde, wa tatu mara 262 hivi, wa pili 330, wa kwanza 440. Kwa hiyo uzi wenye noti ya chini kuliko zote ni wa tatu, upo katikati. Mtu aliyekulia kwenye gitaa lazima ashangae.

Kaka yako aliupeleka kwenye 196, nusu kamili ya 392. Mitetemo ikipungua nusu kwenye uzi uleule na urefu uleule, mkazo unabaki robo. Ndiyo maana unagonga freti. Tyuna yake haikudanganya, G ni G, ila nyingi za kubana hazionyeshi ni G ya oktava gani. Kwenye simu tafuta programu inayoandika namba, na unachotafuta ni G4, C4, E4 na A4. Ikikuandikia G3, umeshuka oktava nzima.

Kama huna simu, tyuni kwanza nyuzi tatu nyingine, kisha bana uzi wa pili freti ya 3. Hiyo ndiyo G unayoitaka. Pandisha uzi wa nne polepole, huku ukiusikiliza, mpaka ufanane nayo.

Sasa hoja ya kaka yako. Piga kodi ya C, bana uzi wa kwanza tu freti ya 3. Noti zinazotoka ni so, do, mi, na do ya juu. Zote nne zimo ndani ya oktava moja, kuanzia C ya katikati ya kinanda kwenda juu. Hakuna kitu chini yake. Gitaa likipiga C lina besi huko chini inayovuma na kufunika noti ndogo za juu. Hapa hakuna wa kuzifunika. Nailoni na kasha dogo vinachangia, Kaka Kapo, sikatai. Lakini ukulele hiyohiyo, kwenye kasha hilohilo, ukiifunga uzi mnene wa G ya chini inabadilika tabia, kwa hiyo mpangilio nao una sehemu yake.

Kitu cha pili ni mkono wa kucharaza. Kwenye gitaa mkono ukishuka unaanza na besi, ukipanda unaanza na uzi mwembamba, kwa hiyo kila mchapo una rangi yake. Kwenye ukulele ukishuka unaanza na G ya juu na kumalizia A. Ukipanda unaanza A na kumalizia G. Hizo mbili zimepishana hatua moja tu. Kushuka na kupanda vinafanana, ndiyo maana rizimu yake inasikika kama kayamba lenye noti.

Mwanakwaya wa Moro

Asante sana, fundi. Nimeupandisha kwa kufuata freti ya 3 ya uzi wa pili. Kugonga kumeisha na C imerudi kung'aa. Ila nikipiga F naona kuna kitu kinapepesuka ndani, kama sauti inakuja na kurudi. Ukipiga uzi mmoja mmoja, kila mmoja uko safi.

Fundi wa Nyuzi

Hapo umefika kwenye utamu wenyewe. F unabana uzi wa nne freti ya 2 na uzi wa pili freti ya 1. Uzi wa nne ukipanda freti mbili kutoka G unakuwa A, na uzi wa kwanza ulio wazi nao ni A, ileile, 440. Yaani kwenye F nyuzi mbili zinaimba noti moja, huu pembeni na ule pembeni ya pili. Kwenye A ndogo, ile ya kidole kimoja, ni vilevile. Zikiwa sawa noti hiyo inatoka kwa nguvu na kung'aa kuliko nyingine. Zikipishana kidogo, tuseme moja 440 na nyingine 442, utasikia sauti ikivimba na kupungua mara mbili kwa sekunde. Huko ndiko kupepesuka kwako.

Piga hizo mbili tu, uzi wa nne freti ya 2 na uzi wa kwanza wazi. Kaza uzi wa nne kidogo sana. Mawimbi yakienda polepole unaelekea sawa, yakiharakisha rudi nyuma. Kabla ya kugusa funguo, hakikisha hubani kwa nguvu, maana uzi wa nailoni ukikandamizwa sana unapanda wenyewe. Ukisikia F inapepesuka lakini G na A zikiwa wazi tyuna inazikubali, lawama ni ya kidole, au ya daraja lililowekwa vibaya, na kwa ukulele za bei ya chini hilo la pili hutokea.

Binti Kilindini

Kumbe! Yangu uzi wa nne ulikatika dukani kwenyewe, muuzaji akiukaza. Ulikuwa mnene.

Fundi wa Nyuzi

Huo ulikuwa wa G ya chini, akaupeleka G ya juu. Ni hesabu ileile kinyume chake, mkazo mara nne. Ungeweza hata kung'oa daraja. Ukinunua seti, tazama uzi wa nne: ukiwa mwembamba kuliko wa tatu ni wa G ya juu, ukiwa mnene kuliko wote, au umezungushiwa waya, ni wa G ya chini. Usiubadilishie kazi.

Mzee wa Rajabu

Kwani nani alianzisha kuweka uzi kichwa chini hivi?

Fundi wa Nyuzi

Mzee, shikamoo. Imetoka kwa Wareno wa kisiwa cha Madeira. Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilifika Honolulu na vibarua wa mashamba ya miwa, na miongoni mwao mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye walianza kutengeneza vinanda hivi. Kwao kulikuwa na kinanda kidogo cha nyuzi nne, machete, na kikubwa zaidi cha nyuzi tano, rajão, ambacho tayari kilikuwa na mpangilio wa kupanda na kushuka. Ukulele ilichukua umbo dogo la machete na mpangilio wa nyuzi nne za rajão, wa tano ukaachwa.

Kaka Kapo

Nimejaribu jambo la kuzima uzi wa nne kwa kidole nikicharaza. Sawa, ninakubali, mng'ao unapungua, nusu ya ubishi wangu nimeuondoa. Lakini nusu nyingine inabaki. Nyimbo nyingi zinashuka chini ya do. Mwanakwaya akitaka kudonoa sauti ya kwanza ya wimbo ulio kwenye C, akifika ti na la za chini, ukulele yake haina. Uzi mnene unamwongezea noti tano chini ya C. Watoto wanafuata melodia, hawafuati mng'ao.

Fundi wa Nyuzi

Kwa kudonoa una hoja. Kwa kucharaza angalia C yako: ukiweka G ya chini, kodi inasimama juu ya so badala ya do. Wanakwaya wanajua kodi ya namna hiyo inavyosikika haijatua.

Kaka Kapo

Na F yenu ya uzi mwembamba je? Noti ya chini ni C, ambayo kwa F ni so. Nayo haijatua, mbona mnaisifu?

Fundi wa Nyuzi

Hapo umenibana. Kwa sikio langu haisumbui, kwa sababu A mbili zimeibeba, ila sikulazimishi usikie ninavyosikia. Na kudonoa si lazima uzi mnene. Jaribu skeli hii kwenye G ya juu: C uzi wa tatu wazi, D uzi wa tatu freti ya 2, E uzi wa pili wazi, F uzi wa pili freti ya 1, G uzi wa nne wazi, A uzi wa kwanza wazi, B uzi wa nne freti ya 4, C uzi wa kwanza freti ya 3. Kuanzia G noti zinarukia nyuzi za pembeni kwa zamu, na usipoharakisha kuinua vidole zinaendelea kulia juu ya nyingine. Kwenye G ya chini huipati.

Mwanakwaya wa Moro

Nimemwonyesha kaka hiyo ya A mbili. Amenyamaza kidogo, akasema tununue ya pili, saizi ya tenor, aifunge uzi wake mnene, hii ibaki kwa watoto. Wakuu, tenor inavumilia G ya chini vizuri kuliko soprano?

Kaka Kapo

Vizuri zaidi. Sehemu ya uzi inayolia kwenye tenor ni kama sentimita 43, kwenye soprano ni 34 hivi, kwa hiyo uzi wa G ya chini unapata mkazo wa kutosha bila kuwa mnene kama kamba. Mwambie anunue seti iliyoandikwa ya tenor, asihamishe nyuzi za gitaa.