Mrejesho: PWM au MPPT kwa paneli ya wati 250

Swali langu lilikuwa: "Nina paneli ya wati 250 na betri ya volti 12, ila kontrola ya PWM haivuki ampea 8. Niweke MPPT au niongeze paneli?"

Wakuu, asanteni sana. Nilianza na yule aliyesema nisome kibandiko nyuma ya paneli: Vmp 30, Imp 8.3, yaani volti na ampea zake inapotoa nguvu ya juu kabisa. PWM huivuta paneli ishuke hadi volti za betri, yaani 13 hivi, na ampea hazipandi. Kwa hiyo nilikuwa napata kama wati 108 tu.

Nimefunga MPPT ya ampea 20, ambayo hugeuza zile volti za ziada kuwa ampea. Jua la saa sita sasa linaleta ampea 15 hadi 16, na paneli sijaongeza.

Siku za mawingu mazito, hata hivyo, faida ni ndogo na runinga bado inazimika usiku. Hapo dawa ni kuongeza paneli.

Kwa mama nimeacha PWM kama mlivyonishauri. Paneli yake ni ya wati 50, Vmp 18, na nyongeza ya wati chache hailipi bei ya MPPT.