Wakuu, gesi inatanuka jotoridi halibadiliki, grupu letu lina majibu matatu

Mgogo_PCM: Habari za jioni wakuu. Nipo kidato cha sita hapa Dodoma. Swali lenyewe: gesi iko kwenye silinda ya pistoni, kanieneo 200,000 Pa, ujazo 0.01 m³, inatanuka polepole mpaka 0.03 m³ jotoridi likiwa lile lile, tafuta kazi iliyofanywa na gesi. Mmoja kapata 4000 J, mwingine 2667 J, mimi 954 J. Nani yuko sahihi?

Dada_Nkuhungu: 2667 ndo yenyewe mdogo wangu. Kanieneo inashuka mpaka 66,667 Pa, unachukua wastani wa mwanzo na mwisho unazidisha na 0.02 basi.

Mzee wa Kizota: Mtungi wangu wa kupikia mbona presha haishuki mpaka unakaribia kuisha? Hiyo sheria yenu mnaitoa wapi?

Fundi_Hesabu: Mzee, mle ndani kuna kimiminika kinachochemka na kufidia gesi inayotoka, ndo maana. Ya dogo ni gesi tupu, P mara V inabaki 2000 muda wote.

Sasa dada, wastani wako ungefaa kama grafu ingekuwa mstari ulionyooka, ila hii imebonyea kwenda chini. Ujazo ukifika 0.02 kanieneo ni 100,000 wakati mstari wako unasema 133,000, kwa hiyo umehesabu na eneo ambalo gesi haikupita. Ndo maana tunaintigreti, yaani kila kipande kidogo cha ujazo unakizidisha na kanieneo ya pale pale, 2000/V, halafu unajumlisha vyote:

`W = P1V1 ln(V2/V1) = 2000 × ln 3 = 2197 J`

Yule wa 4000 kaishikilia kanieneo ya mwanzo safari nzima. Na wewe dogo naona umebonyeza log badala ya ln. Kabla ya kugusa kalikuleta weka mipaka: kanieneo ndogo kabisa mara 0.02 ni 1333 J, kubwa kabisa ni 4000 J, jibu lazima likae katikati, 954 haiwezekani hata kidogo.

Mgogo_PCM: Duh ni kweli nilibonyeza log 😅 na hizo 2197 J gesi inazitoa wapi kama jotoridi halishuki?

Fundi_Hesabu: Zinaingia kama joto kutoka nje, kiasi hicho hicho. Ndo maana wanasema polepole.

Chemba_Boy: Ila ikiachiwa ghafla isukumane na 66,667 ya nje mwanzo mwisho, kazi ni 1333 tu hata kama mwishoni jotoridi limerudi pale pale.

Dada_Nkuhungu: Hapo sawa, ila hapa kwetu Dodoma tuko juu kama mita 1,100, hewa yenyewe ya nje inazidi 80,000 Pa. Sasa hiyo pistoni inafikaje 66,667 bila mtu kuivuta?

Chemba_Boy: Hilo kamuulize aliyetunga swali 😂