MREJESHO: eSIM nimehamisha, meseji zilizopotea zimepatikana

Swali langu: "Nimetoa eSIM kwenye iPhone nikaweka Android, simu zinaingia, OTP za benki zinaingia, ila meseji za washkaji wenye iPhone sizioni, zinaenda wapi?"

Wakuu imekaa sawa. OTP ni SMS ya kawaida, inafuata laini popote ilipo, ila za washkaji zilikuwa iMessage, zinapita kwenye intaneti na namba ilikuwa bado imesajiliwa kule, kwa hiyo simu ya zamani ikishika waifai tu inazimeza zote. Nikazima iMessage kwenye settings za Messages za ile iPhone, mshkaji akatuma tena, kwake ikatoka ya kijani na kwangu ikaingia. Kama iPhone umeshauza, Apple wana ukurasa wa kuondoa namba, wanakutumia code kwa SMS unaijaza pale.