"Zimebaki pea 3 tu, ofa inaisha": mbwembwe za soko au uongo?

Pasua Jipu: Wakuu, tangazo la viatu lina saa inayohesabu dakika 15 na maneno "zimebaki pea 3". Kesho yake unalikuta vilevile. Hii ifungiwe, au ni biashara tu?

Mpiga Debe: Biashara tu. Mnadi wa mitumba anapiga kelele "mwisho mwisho!" toka asubuhi hadi magharibi na hakuna anayemshtaki. Facebook nao wanawasumbua wauza dawa za kupunguza uzito kwa picha za kabla na baada. Saa haina tatizo.

Jicho la Tangazo: Kwenye picha za kabla na baada za kupunguza uzito uko sahihi, zinakataliwa. Ila mfano wa mnadi haukubebi, kaka. Pale mteja analiona rundo la nguo kwa macho yake, kelele haimfichi kitu. Mtandaoni rundo analiona muuzaji peke yake, kwa hiyo "zimebaki 3" ndiyo taarifa pekee aliyonayo mnunuzi.

Saa ya uongo kuigundua ni rahisi. Fungua ukurasa, subiri dakika 2, kisha ufungue tena kwenye dirisha la faragha. Ikianza upya kwenye 15, inahesabu tangu wewe uingie, haihesabu kuelekea mwisho wa ofa. Ndani ya msimbo wa ukurasa huwa imeandikwa hivi:

```
var mwisho = Date.now() + 15*60*1000;
```

Ya kweli ina tarehe moja kwa wateja wote:

```
var mwisho = new Date("2025-06-08T23:59:59+03:00");
```

Hiyo `+03:00` msiisahau. Bila hiyo, mteja aliyeko Maskati ataona ofa imefungwa saa moja kabla ya mteja wa Dar.

Mama Vikoba: Kwa hiyo sisi wenye ofa ya Idd tusiweke tarehe kabisa? Mbona mnatuonea!

Jicho la Tangazo: Hapana mama, tarehe weka. Kinachokatazwa ni tarehe isiyoisha. Tuseme una pea 60, bei ya kila siku 45,000, ya ofa 38,000, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili saa 5:59 usiku. Jumatatu asubuhi bei irudi 45,000 kwelikweli, na tangazo ulipangie mwisho wake kwenye Ads Manager muda uleule. Wengi hukwama hapo: bei imerudi lakini tangazo bado linatembea, mteja anakuja WhatsApp na picha ya 38,000 mkononi, ugomvi unaanza. Andika pia kama kinachohesabika ni kuuliza au kulipia kabla ya muda. Usipoandika, wa saa 5:50 usiku atakudai.

Kuhusu mzigo, usiseme "zimebaki chache" wakati una 60. Kama namba 42 zimebaki 4, sema "namba 42 zimebaki 4" na upunguze kila unapouza. Na ile bei iliyokatwa mstari iwe bei uliyouzia kweli. Kukata 85,000 ambayo hakuna aliyewahi kuilipa ni uongo uleule, umevaa koti jingine.

Mizani: Niongeze upande wa sheria. Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 chini ya Tume ya Ushindani, FCC, Kenya kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na zote zinagusa madai ya kupotosha. Ulaya wamelitaja jambo hili waziwazi: mwongozo wao wa 2005 una orodha ya mambo yaliyopigwa marufuku moja kwa moja, na kudai kwa uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi tu kumo. Uingereza, mamlaka yao ya ushindani, CMA, walianza kuwachunguza wauza magodoro Emma Sleep mwaka 2022 kwa sababu ya saa na punguzo kama haya. Kwa hiyo "saa haina tatizo" si kweli.

Mpiga Debe: Sawa, lakini jirani anadanganya na anauza. Mimi mkweli nile nini?

Jicho la Tangazo: Siku ya kwanza atakuzidi, sikatai. Ila watu wakishaizoea saa yake wanalificha tangazo au kuliripoti, na Facebook huliona hilo kama dalili ya tangazo duni, hivyo kulifikisha kwa watu kunamgharimu zaidi. Tena maneno ya kukuza mambo nayo yanashusha ubora. "Punguza kilo 10 kwa siku 7" piga hesabu: kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700, kwa hiyo ni kalori 11,000 kila siku, na mtu mzima hutumia 2,000 na kitu. Hata asiyejua sera anaona haiwezekani.

Pasua Jipu: Swali la mwisho. Namba 42 zimebaki 4 kweli, lakini mzigo mwingine unashuka Alhamisi. Nikisema "zimebaki 4" nimedanganya?

Mizani: Hujadanganya. Ghalani zimo 4.

Jicho la Tangazo: Hapo tunatofautiana. Mteja anakimbilia kulipa leo akidhani zikiisha zimeisha. Mimi ningeandika "zimebaki 4, nyingine Alhamisi".

Mpiga Debe: Ukiandika hivyo atasubiri Alhamisi!