Mrejesho: boila iliyokuwa ikipoteza presha

Niliuliza: "Boila ya kupasha nyumba joto hapa Karen hushuka presha kila wiki tatu. Maji yanapotelea wapi?"

Wakuu, nimepata jibu. Hakuna bomba lililovuja. Ikiwa baridi, geji ilisoma baa 1. Ikipata moto ilipanda hadi karibu 3, ambapo valvu ya usalama hufunguka. Nilifunga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa bomba lake la nje, na asubuhi nikakuta maji.

Kumbe tangi la upanuzi lilikuwa limeishiwa hewa, hivyo maji yakitanuka hayana pa kwenda. Fundi alizima boila, ikapoa, akafunga valvu za kwenda na kurudi, akamwaga maji hadi geji ikasoma sifuri. Hatua hii msiiruke, la sivyo kipimo cha hewa kitawadanganya. Akabonyeza valvu ya tangi, iliyo kama ya tairi. Yangetoka maji, utando wa mpira ungekuwa umepasuka na tangi ni la kubadilishwa. Haikutoka hata hewa. Akajaza baa 1 kwa pampu ya baiskeli, kisha akarudisha maji hadi 1.2.

Sasa ni wiki ya saba. Ikiwa moto haizidi 1.7, na mfuko ni mkavu.