Naomba ushauri: ioni za haidrojeni za kaboni dayoksaidi zinaishia wapi kwenye damu?

Mwl_Baiolojia: Wakuu, nafundisha kidato cha sita. Nilieleza kwamba takribani asilimia 70 ya kaboni dayoksaidi husafiri kama bikaboneti. Mwanafunzi akaniuliza: kila bikaboneti inapozaliwa, ioni moja ya haidrojeni inazaliwa nayo. Mbona pH inashuka kutoka 7.40 kwenye ateri hadi kama 7.36 tu kwenye vena? Nimjibuje aelewe?

Kijana wa Maabara: Rahisi mkuu. Bikaboneti ni bafa, inaingia plazma inazimeza hizo ioni.

Bi Fiziolojia: Hapana, kijana. Bikaboneti ikizipokea ioni hizo inarudi kuwa kaboni dayoksaidi ileile. Inafaa sana dhidi ya asidi nyingine, mfano ya laktiki, lakini hii inahitaji mpokeaji mwingine, naye ni himoglobini.

Mwalimu, mwambie afuatilie gesi inayotoka kwenye msuli wa paja la mkimbiaji. Inaingia seli nyekundu, na humo kimeng'enya kaboniki anhidrasi kinaiunganisha na maji papo hapo. Plazma haina kimeng'enya hicho. Huko kazi ingechukua sekunde nyingi, na damu inapita kapilari kwa sekunde moja hivi. Bikaboneti inatoka nje na kloridi inaingia badala yake, chaji zisiyumbe. Ioni ya haidrojeni inabaki ndani, inashikwa na himoglobini. Na ndiyo kwanza himoglobini imeachia oksijeni, hali inayoifanya ishike haidrojeni vizuri zaidi. Mimi hapo ndipo ningekaa kipindi kizima. Mapafuni oksijeni inaingia, haidrojeni inaachiwa, inaungana na bikaboneti iliyorudi ndani, gesi inatoka kwa pumzi.

Mpagazi wa Kibo: Wageni wangu wa Kilimanjaro wanameza asetazolamaidi. Nasikia inazuia hicho kimeng'enya. Gesi haitawajaa mwilini?

Bi Fiziolojia: Kwa dozi za mlimani, kaka, inafanya kazi zaidi kwenye figo. Bikaboneti inapotea kwa mkojo, asidi ya damu inapanda kidogo, mgeni anapumua zaidi. Kwenye seli nyekundu kimeng'enya ni kingi mno. Karibu chote kingezuiwa ndipo gesi ianze kukwama.

Kijana wa Maabara: Nimekuelewa kuhusu bafa. Ila kitabu changu kinasema asilimia 90, si 70.

Bi Fiziolojia: Hiyo 90 ni ya gesi yote iliyomo kwenye damu ya ateri. Ukihesabu tu ile inayoongezeka damu ikipita kwenye tishu, bikaboneti ni kama 60, kwa sababu himoglobini iliyoachia oksijeni inabeba fungu kubwa zaidi la gesi yenyewe.

Mwl_Baiolojia: Asante dada, la himoglobini nitalifundisha hivyo. Sasa mtihani ukiuliza asilimia, waandike ipi? Silabasi yetu inataka 70.