Punguzo la Septemba: kutimiza miaka ya duka, kumaliza mzigo, au shukrani kwa wateja?

Mama Sufuria (Mwanza)

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Ninauza vyombo vya nyumbani kwa rejareja, na kila mwaka duka langu hupoa baada ya Nane Nane mpaka Desemba inapokaribia. Septemba haina sikukuu ya kudumu katika kalenda yetu, kwa hiyo nikitangaza punguzo bila sababu, wateja huniuliza kama vyombo vina kasoro au kama ninafunga biashara. Ninazipima njia tatu. Ya kwanza ni kutimiza miaka, kwa kuwa duka lilifunguliwa tarehe 17 Septemba 2019 na sasa linafikisha miaka saba. Ya pili ni kusema wazi kwamba ninamaliza mzigo uliolala stoo, na ya tatu ni kutangaza wiki ya shukrani kwa wateja. Ipi itaaminika bila kunimalizia faida?

Kijana wa Kongo na Mchikichini

Mama, kwa uzoefu wangu wa Kariakoo, mteja hasomi sababu, anasoma asilimia. Andika asilimia 40 kwa herufi kubwa mlangoni na watu wataingia. Ukiogopa hasara, pandisha bei wiki mbili kabla, kisha uishushe siku ya ofa.

Mzee wa Daftari (Dodoma)

Kijana amesema kweli katika jambo moja tu, kwamba asilimia ndiyo inayomsimamisha mpita njia. Hata hivyo duka la Mama Sufuria haliishi kwa wapita njia. Linaishi kwa majirani, na jirani aliyeuliza bei ya seti ya sufuria mwezi uliopita bado anaikumbuka. Mmoja akigundua kwamba bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari haikuwahi kuwapo, habari itafika kwenye kikundi cha kina mama kabla ya jioni. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei, kwa hiyo ushauri huo si ujanja wa biashara.

Nikizilinganisha njia zako tatu, shukrani kwa wateja ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu haina tarehe. Mteja hujiuliza mbona unamshukuru leo wala si mwezi jana. Kumaliza mzigo kunaaminika sana, lakini kuna masharti mawili: vitu vinavyopunguzwa viwe kweli ni vile vilivyolala, na vikiisha visirudi wiki inayofuata kwa bei ileile. Tena hutaweza kusema hivyo kila mwaka, maana watu wataanza kukuona kama mfanyabiashara asiyejua kuagiza.

Kutimiza miaka kunazishinda zote mbili kwa sababu tarehe ni yako na inaweza kuthibitishwa. Bandika kaunta nakala ya leseni yako ya kwanza, au picha ya duka siku lilipofunguliwa na rafu zikiwa nusu tupu. Hata wakubwa walianzia hapo. JD, kampuni ya China inayouza bidhaa mtandaoni, ilianzishwa tarehe 18 Juni 1998, na punguzo lake la 618 limechukua jina kutoka kwenye tarehe hiyo. Amazon nayo ilifanya punguzo lake la kwanza la Prime Day tarehe 15 Julai 2015, ilipokuwa inaadhimisha miaka 20.

Fundi wa Mapazia

Mimi ninapinga sherehe za duka. Nilipotimiza miaka mitano nilikodi turubai na spika, nikanunua keki na soda kreti nane. Watu walikula, wakanipongeza, wakaenda nyumbani. Siku ile niliuza pazia mbili.

Mzee wa Daftari (Dodoma)

Pole, Fundi, lakini mwenzetu hakuuliza kuhusu sherehe. Hela ya keki ingemfaa zaidi ikiingia kwenye bei.

Mama Sufuria (Mwanza)

Nashukuru, Mzee wangu. Sasa nieleze kuhusu faida. Seti yangu kubwa ya sufuria ninainunua kwa shilingi 56,000 na kuiuza kwa 80,000. Nilifikiria kupunguza asilimia 20.

Mzee wa Daftari (Dodoma)

Tuihesabu pamoja. Leo unapata shilingi 24,000 kwa kila seti. Ukipunguza asilimia 20 utauza kwa 64,000 na kubaki na 8,000, maana yake ni lazima uuze seti tatu ili upate kile ambacho seti moja ilikuwa inakupa. Ukipunguza asilimia 10 unabaki na 16,000, na seti tatu zinatosha kufikia faida ya seti mbili za kawaida.

Ipo njia ninayoipenda zaidi. Acha bei ya 80,000 ibaki, kisha mpe mnunuzi jagi unalolinunua kwa 5,000 na kuliuza kwa 9,000. Yeye anaona amepata kitu cha 9,000, wewe umetoa 5,000 na umebaki na 19,000. Faida nyingine ni kwamba bei ya seti haishuki kichwani mwa mteja, kwa hiyo Oktoba hatakuambia kwamba ilikuwa 64,000.

Binti wa Tanga

Naomba kuuliza, kwa kuwa jambo hili linanihusu. Duka letu lilianzishwa na marehemu baba kama genge mwaka 1998, likahama mtaa mwaka 2011, na leseni ya sasa ina jina langu tangu 2020. Nilipotangaza miaka 25, mteja mmoja mzee alisema mbele ya watu kwamba hili si duka la baba yako. Je, nilikosea?

Mzee wa Daftari (Dodoma)

Mimi ningehesabu kutoka 2020, kwa sababu ndiyo leseni unayoweza kuionyesha.

Kijana wa Kongo na Mchikichini

Hapo sikubaliani nawe, Mzee. Kama wateja wa baba bado wanaingia dukani, miaka ile ni yake halali. Angeandika tu kwamba ni miaka 25 tangu baba afungue genge, asiseme duka hili lina miaka 25.

Binti wa Tanga

Maneno hayo yangemnyamazisha yule mzee, nadhani. Au yasingemnyamazisha, ndivyo alivyo.

Mama Sufuria (Mwanza)

Nimeelekea kwenye kutimiza miaka, kwa siku saba kuanzia tarehe 17 hadi 23. Tatizo ni kwamba wateja wangu wengi ni walimu na wauguzi, na tarehe hizo mshahara wa Agosti umekwisha huku wa Septemba haujaingia. Je, nisogeze hadi tarehe 24?

Mzee wa Daftari (Dodoma)

Ukisogeza tarehe kimyakimya, unaipoteza sababu uliyoitafuta. Ningetangaza tarehe 17 yenyewe kwa jambo dogo, kwa mfano wateja walioandikwa kwenye daftari lako mwaka 2019 wapewe jagi bila kununua kitu. Usiwadai risiti za zamani, kwa sababu karatasi za mashine hufifia na nyingi zitakuwa nyeupe. Kisha ofa ya wote ianze tarehe 24 na ifungwe tarehe 30, ukieleza waziwazi kwamba umesubiri mshahara. Usiongeze siku hata moja kwa kisingizio kwamba wateja wameomba, maana mwakani hakuna atakayeharakisha.

Mauzo ya wiki hiyo yasikudanganye. Yalinganishe na wiki ya mwisho ya Agosti, kisha tazama wiki mbili za kwanza za Oktoba. Zikianguka sana, ujue waliokuja ni walewale ambao wangenunua baadaye kwa bei kamili.

Fundi wa Mapazia

Kusema umesubiri mshahara kutawaudhi walimu, Mama. Mke wangu ni mwalimu.

Mama Sufuria (Mwanza)

Nitaandika "wiki ya mwisho ya mwezi wetu" na kuishia hapo. Leo jioni ninalifungua daftari la 2019 nione ni majina mangapi bado yana namba za simu zinazopatikana.